Kusoma watu wako kwenye Insights: kwa wauzaji wadogo wa Mombasa, tukitumia mfano wa muuza udi

Hii nawaandikia wale wenye biashara ndogo kwa Instagram, wa mabuyu, wa madera, wa keki, wa udi, ambao kila siku waposti lakini hawajui waandike Kiswahili cha nyumbani ama kile cha Nairobi, wachangamke ama watulie, waposti asubuhi ama usiku. Majibu mengi yako ndani ya simu yako tayari, kwenye Insights, pale Instagram yakuhesabia watu wako, shida ni kwamba watu wafungua ile sehemu ya wafuasi, waona "wengi ni wa miaka 18 hadi 24", waanza kuandika kama vijana, na mauzo yashuka. Kwa hivyo ntaeleza hatua kwa hatua, na nambari ntakazotumia ni za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ieleweke.

Mfano wetu ni dada anayeuza udi wa kupika, yuko Kibokoni, ana wafuasi 2,400. Auza udi wa vipande kwa makopo, dogo 500, kubwa 900. Wateja wachukua kwake, ama apeleka na boda, na wa Nairobi awatumia parseli kwa basi.

Hatua ya 1: ingia mahali penyewe

Akaunti lazima iwe ya biashara ama ya krieta, ya kawaida haionyeshi kitu. Nenda kwa profaili yako, bonyeza `Professional dashboard`, halafu `Insights`. Hapo utaona `Views`, `Interactions` na wafuasi. Majina na mpangilio hubadilikabadilika kila app ikiapdetiwa, kwa hivyo ukiona kwako pamekaa tofauti usibabaike, tafuta tu vitu vinne hivi: miji, miaka, jinsia, na saa ambazo watu wako mtandaoni (`Most active times`). Ukiwa na wafuasi chini ya 100 haitakuonyesha hizi habari za watu, hapo hakuna la kufanya ila kungoja ufike.

Juu kuna kipindi, siku 7, siku 30, siku 90. Chagua 90. Kwa akaunti ndogo wiki moja ni kama hakuna kitu, posti moja ikisambaa tu picha yote yabadilika.

Na usiangalie kwa macho ukafunga. Skrinshoti zote, uweke kwa albamu yake, manake baada ya miezi mitatu utazitaka za kulinganisha na app haitakurudisha nyuma unavyotaka.

Hatua ya 2: watu wa aina mbili, usiwachanganye

Hapa ndipo pana utamu wote na ndipo wengi wapapita haraka. Kuna wafuasi, yaani kila aliyewahi kukufolo, hata yule aliyekufolo kwa sababu ya shindano la zawadi halafu hajarudi tena. Halafu kuna watu waliofanya kitu, waliolaiki, waliokomenti, waliosevu, waliomtumia mwenzao. Hawa wako ndani ya `Interactions`, ukishuka chini waona miji yao, miaka yao na jinsia zao peke yao. Nao pia wataka wafike 100 kwa kile kipindi ulichochagua, ndio sababu nyingine nimesema uweke siku 90.

Sasa angalia za dada yetu. Kwa wafuasi, wanawake ni 58%, wanaume 42%. Miaka 18 hadi 24 ni 41%, wa 25 hadi 34 ni 33%, wa 35 hadi 44 ni 14%. Ukiishia hapo utasema watu wangu ni vijana, tena karibu nusu ni wanaume, basi niandike kivijana.

Lakini kwa waliofanya kitu ndani ya siku 90, ambao jumla ni 310, wanawake ni 83%. Wa 18 hadi 24 wameshuka mpaka 17%, wa 25 hadi 34 ni 44%, na wa 35 hadi 44 wamepanda hadi 29%.

Asilimia peke yake yadanganya, zigeuze ziwe vichwa vya watu. Chukua jumla mara asilimia:

```
18-24: wafuasi 2400 x 0.41 = 984   waliofanya kitu 310 x 0.17 = 53
35-44: wafuasi 2400 x 0.14 = 336   waliofanya kitu 310 x 0.29 = 90
```

Soma hizo mbili polepole. Vijana karibu elfu moja wametoa watu 53, yaani katika kila 100 ni kama 5. Watu wa miaka 35 hadi 44 ni 336 tu na wametoa 90, katika kila 100 ni kama 27. Hawa ndio wa kuandikiwa. Hesabu hii si kamili, kwa sababu kati ya wale 310 huwa pia kuna ambao hawajakufolo, na kwenye hiyo hiyo `Interactions` utaona wafuasi ni asilimia ngapi na wasiokuwa wafuasi ni ngapi. Ikiwa wasiokufolo ni wengi sana basi chukua haya kama mwelekeo tu. Lakini tofauti ya 5 na 27 ni kubwa, haiwezi kuliwa na hilo.

Jambo jingine, kwenye miaka mara nyingi kuna vijitufe vya wote, wanaume, wanawake. Ukibonyeza wanawake ukaona 25-34 ni 45%, kabla hujaamini kitu jumlisha zile asilimia zote za kijitufe hicho. Zikifika kama 100 basi ni 45% ya wanawake peke yao, si ya akaunti nzima. Watu wengi hujichanganya hapa wakadhani wana wateja wengi kuliko walionao.

Hatua ya 3: miji, na tahadhari ya Nairobi

Wafuasi wa dada yetu: Mombasa 34%, Nairobi 27%, Dar es Salaam 4%, Malindi 3%, Jeddah 3%. Waliofanya kitu: Mombasa 46%, Nairobi 15%, Jeddah 8%, Dubai 6%, Malindi 4%.

Kwanza, ile orodha ni ya miji ya juu tu, haijumlishi 100, waliobaki wametawanyika vijimji vidogovidogo. Pili, mji ni makadirio, hakuna mtu aliyejaza fomu kusema nakaa Kisauni. App yakisia kutokana na mambo kama mtandao anaotumia mtu, na mtu wa Mtwapa au Likoni kwa data ya simu anaweza kuhesabiwa yuko Nairobi. Kwa hivyo ukiona Nairobi imekuwa kubwa na huku parseli za kwenda huko hutumi, usikimbilie kubadilisha lugha. Linganisha na daftari lako la kutuma mizigo. Daftari likisema parseli 3 kwa mwezi na simu yasema robo ya watu wako ni wa Nairobi, mimi naamini daftari.

Halafu Jeddah na Dubai. Chukua Jeddah, 3% ya 2,400 ni watu 72, wadogo, mtu awapita hivi. Lakini 8% ya 310 ni kama watu 25. Theluthi ya watu wa Jeddah wamefanya kitu! Ukikaa Mombasa huhitaji kuelezwa hawa ni nani, ni ndugu zetu walioko huko kikazi na kimaisha, na wao wakiagiza udi huwa hawaagizi upelekwe Jeddah, wataka mama yao Majengo ama dada yao Bamburi apelekewe nyumbani. Anayelipa yuko kwengine na anayepokea yuko hapa. Hilo labadilisha maneno ya posti, tutalifikia.

Hatua ya 4: lugha haimo kwenye Insights, itoe kwenye inboksi

Instagram haitakwambia watu wako wazungumza nini. Mji na miaka vyakupa dalili tu. Jibu lenyewe liko kwenye inboksi, na hii kazi yataka saa moja na daftari la shule.

Chukua mazungumzo 50 ya mwisho ya watu walioulizia bidhaa. Chora safu tano: alianza kwa lugha gani, aliuliza nini kwanza, yuko wapi, alikuita nani, na alilipa ama la. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, manake mtu wa kuuliza ni mwingi.

Utaanza kuona vitu. Huyu aandika "Asalam aleikum dada, udi wa vipande ni bei gani, waeza kuniletea Bamburi?" Huyu aandika "Niaje, mnatuma Nai?" Mwengine aandika "Mamangu nauliza, huu wafaa kufukizia nguo ama ni wa chumbani?" Ukihesabu waliolipa peke yao, kwa dada yetu wengi ni wa aina ya kwanza na ya tatu. Wameanza na salamu, wamemwita dada ama mamangu, swali la kwanza ni bei, la pili ni utaletewaje. Basi lugha ya brandi ni hiyohiyo, Kiswahili cha Mombasa cha mtu na jirani yake, chenye adabu, na bei iandikwe kabisa kwa posti asilazimike kuulizia. Kuficha bei ili watu waje inboksi kwanikera kweli, kwa mteja wa umri huu aona amesumbuliwa, apita.

Wale wa Nairobi walioulizia, ukiwaangalia vizuri, wengi hawakuuliza bei kwanza. Waliuliza "huu watumiwaje". Hawana chetezo, hawajui mkaa wake, waogopa moshi. Tatizo lao si lugha, ni maelezo. Ukiwawekea sheng bado hawatajua wafanye nini na kile kipande. Wafanyie video moja fupi ya kuonyesha mkaa ukikolea mpaka uwe na jivu jeupe juu, kipande kidogo kama ukucha, chetezo chini ya nguo iliyotandazwa juu ya tenga, uipini juu pale kwa profaili, na maandishi ya kwenye skrini yawe Kiswahili cha wote. Imetosha, hawahitaji akaunti yao.

Hatua ya 5: geuza kuwa maneno

Hii ndiyo kapsheni aliyokuwa akiandika alipokuwa amewaamini wafuasi:

"Wasee udi ni moto leo! Kam inboksi fasta kabla iishe!!"

Na hii ni ya wale 90 na wenzao:

"Udi wa vipande, umepikwa juzi, umeshika. Wa nguo na wa chumbani, uliza nikueleze. Kopo dogo 500, kubwa 900. Tuko Kibokoni, twaleta mpaka Nyali, Bamburi na Likoni."

Angalia vitu vilivyobadilika. Alama za mshangao zimetoka. Limewekwa neno "umeshika", ambalo mjuzi wa udi ndilo analolitafuta, harufu ishike nguo mpaka kesho. Na la chumbani limeguswa kwa neno moja likaachwa hapo, kwa sababu mwanamke wa Mombasa wa miaka 38 ajua, na ukilitanua hadharani atakuonea haya hata kulaiki, mumewe na shemeji zake wako humohumo mtandaoni. Hii ndiyo nikisema toni. Umri na jinsia vyakuonyesha unazungumza mbele ya nani, na kuna mambo huyazungumzi kwa kila mtu.

Wa Jeddah na Dubai wapewe stori yao, mara moja kwa wiki tu: "Uko mbali na wataka mama anukie? Lipa huko, sisi twampelekea mpaka mlangoni na twakutumia picha akipokea." Ile picha ya kupokea ndiyo inayouza, mtu aliye mbali wasiwasi wake ni je, kweli kimefika. Muombe mama ruhusa kwanza, na asipotaka uso wake basi piga mkono na kopo.

Hatua ya 6: saa

Kwa `Most active times` kuna siku za wiki na vijiti vya kila saa tatu, kama 6a, 9a, 12p, 3p, 6p, 9p. Zisome kwa saa zetu, 6p ni saa kumi na mbili jioni, 9p ni saa tatu usiku. Nasema haya kwa sababu mtu akipanga posti kwa haraka aweza kuchanganya, akaiweka saa tatu asubuhi na yeye ataka ya usiku. Angalia kila siku peke yake, usichukue Jumatatu ukadhani ndiyo wiki nzima.

Kuna mtego hapa pia. Vile vijiti ni vya wafuasi wote, wale vijana 984 wamo ndani, na ndio wanaokesha. Kwa dada yetu kijiti kirefu zaidi ni 9p, lakini cha 6p ni kifupi kidogo tu. Fungua inboksi tena uangalie saa za waliolipa waliandika lini. Wengi wao wameandika baada ya Isha, kama saa mbili mpaka saa tatu unusu, watoto wamekula, jikoni kumefungwa. Kwa hivyo posti yake yatoka saa moja na nusu hivi, ikae tayari wakishika simu. Na muhimu kushinda kijiti chochote, wewe mwenyewe uwe huru kujibu hapo. Ukiposti saa mbili usiku ukajibu asubuhi, yule mtu ashanunua kwengine.

Saa zina nguvu zaidi kwa stori, kwa sababu yaisha ndani ya saa 24, na kwa laivu. Rili haina haraka hiyo, yaweza kuzunguka siku kadhaa ikawafikia wasiokufolo, hivyo usijitese na dakika zake.

Siku sasa. Simu yaweza kusema Jumapili ndiyo watu wengi, lakini udi una siku yake, Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa watu wafukiza nyumba na nguo za msikitini. Mtu ataka uwe umemfikia kabla. Kwa hivyo posti ya kuuza ni Jumanne ama Jumatano usiku, upate siku ya kupeleka, na Alhamisi jioni waweka stori ya chetezo tu bila kuuza. Hiyo Alhamisi yawafaa na wa Jeddah, kwao saa ni sawa na zetu na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Dubai wako mbele kwa saa moja, saa tatu yetu ni saa nne yao, bado wako macho. Ukiwa na watu London, wako nyuma saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, saa tatu yako usiku wao ndio kwanza watoka kazini.

Hatua ya 7: jaribu kitu kimoja kimoja

Usibadilishe lugha, toni na saa wiki moja, hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Wiki mbili badilisha maneno tu, saa ziwe zilezile na bidhaa ileile. Wiki mbili zinazofuata ndio usogeze saa.

Na upime kwa walioulizia, si kwa laiki. Chukua walioandika inboksi kwa sababu ya ile posti, gawanya kwa `Views` zake, mara 1,000. Ya kivijana ilipata views 2,600 na watu 9 inboksi, hiyo ni kama 3.5 kwa kila 1,000. Ya Kimombasa ilipata 900 tu na watu 11, ni kama 12 kwa kila 1,000. Ukiangalia views peke yake utairudia ile ya kwanza maisha yako yote. Lakini posti moja moja si ushahidi, ziwe angalau nne za kila aina, manake moja yaweza kubebwa na mwezi wa mishahara.

Utajua umesoma vibaya ukiona hivi: walioulizia wapanda lakini wanaolipa hawapandi. Hapo mara nyingi maneno yamewavuta watu wasiokuwa wako, rudi kwa zile safu tano uongeze mazungumzo mapya 20 uone wameanza na swali gani.

Rudia skrinshoti kila miezi mitatu, na zaidi ya hapo mara mbili kwa mwaka. Moja ni wiki ya kwanza ya Ramadhani, kwa sababu saa zote zahama, jioni ya kufuturu hakuna mtu na baada ya tarawehe ndio simu zafunguliwa mpaka daku. Ya pili ni mfungo mosi, harusi zikianza, hapo hata umri wabadilika, mabibi harusi wa miaka 20 na kitu waanza kuulizia na mashangazi zao ndio wanaolipa, na posti zako zitataka kuzungumza na wote wawili.